#DIV/0!, #NUM! na pleti 92: kupima kibadilisha joto cha hospitali Kisumu

*"Habari mhandisi. Mimi ni msimamizi wa mitambo katika hospitali moja hapa Kisumu. Jirani yetu anajenga kituo cha pamoja cha kupoza maji na tumekubali kuunganishwa, kilowati 900. Mtandao wao utaleta maji ya nyuzi 5.5 na mkataba unataka yarudi kwao yakiwa 13.5. Nikiweka hospitali 7 kwenda na 15 kurudi, Excel inaniandikia #DIV/0! kwenye LMTD. Nikiweka 7 na 12 jinsi ilivyo kwenye michoro yetu ya zamani, inaandika #NUM!. Muuzaji naye ameleta karatasi ya mashine ya pleti 92, kila pleti mita moja ya mraba, anasema inatosha na kubaki. Nimwamini nani?"*

Excel imekuambia ukweli mara mbili. Muuzaji naye amesema ukweli, ila amejibu swali ambalo hukumuuliza. Nitaanza na Excel, kwa sababu ukiielewa, karatasi ya muuzaji utaisoma mwenyewe bila msaada wangu.

Ndani ya mashine hiyo, ambayo ndiyo kibadilisha joto cha pleti, maji ya hospitali yanashuka kutoka nyuzi 15 hadi 7, na maji ya mtandao yanapanda kutoka 5.5 hadi 13.5. Yanapishana, kila moja upande wake wa pleti, kama magari ya barabara ya njia mbili. Mahali maji ya hospitali yanapoingia ndipo ya mtandao yanapotoka, na tofauti yao hapo ni 15 toa 13.5, yaani 1.5. Kule mwisho wa pili ni 7 toa 5.5, tena 1.5. Tofauti hizo mbili mimi huziita pengo la juu na pengo la chini, maana kwenye mashine iliyofungwa kwa kawaida ndiko ziliko.

Pengo ndilo linalosukuma joto lipite kwenye chuma. Kwa kawaida halilingani mwisho hadi mwisho. Linapopungua, joto linapita kwa uvivu zaidi, na kwa sababu hiyo pengo lenyewe linaendelea kupungua kwa uvivu zaidi. Ndiyo maana wastani wa kujumlisha na kugawa kwa mbili haufai, tunatumia wa logi, na huo ndio LMTD:

```
LMTD = (d1 - d2) / ln(d1 / d2)
```

Hapo d1 ni pengo la juu na d2 pengo la chini. Weka 1.5 na 1.5: juu ya mstari unapata sifuri, chini unapata logi ya moja, ambayo nayo ni sifuri. Excel inakataa kugawa kwa sifuri, na iko sawa kukataa. Lakini maji hayana shida yoyote. Pengo ni 1.5 mwanzo hadi mwisho, basi wastani wake ni 1.5. Kanuni haikuharibika, imefika tu kwenye kona ambako haihitajiki. Andika seli yako hivi, B6 ikiwa pengo la juu na B7 la chini:

```
=IF(MIN(B6,B7)<=0,"HAIWEZEKANI",
 IF(ABS(B6-B7)<0.01,(B6+B7)/2,
 (B6-B7)/LN(B6/B7)))
```

Nimeweka neno HAIWEZEKANI kwa makusudi, kwa ajili ya kosa lako la pili. Ukiandika hospitali 7 na 12, pengo la juu linakuwa 12 toa 13.5, yaani 1.5 chini ya sifuri. Excel haina logi ya namba hasi, ikaandika #NUM!. Unamtaka jirani apokee maji ya nyuzi 13.5 yaliyopashwa moto na maji ya nyuzi 12. Hata ukinunua pleti zote zilizoko Afrika Mashariki, haitatokea. Mtu hapashi uji moto kwa kuutia sufuria ndani ya maji yaliyo baridi kuliko uji.

Kwa hiyo kabla ya kuhesabu pleti hata moja, una swali la kujibu ndani ya hospitali: ile 12 ya kwenye michoro inatoka wapi, na mnaweza kuipandisha hadi 15?

Saba na kumi na mbili ni desturi ya chila za zamani, zile mashine za kupoza maji. Mwenye chila yake juu ya paa hakuwa na sababu ya kuhangaika maji yanarudi na nyuzi ngapi, alihitaji tu yarudi. Kwa mtandao wa pamoja mambo ni mengine. Kilowati 900 kwa tofauti ya nyuzi 8 zinahitaji lita 26.9 za maji kwa sekunde. Kwa tofauti ya nyuzi 5 zinahitaji lita 43. Hiyo ni asilimia 60 zaidi kupitia bomba lilelile la jirani, na ndiyo sababu mkataba wake unang'ang'ania 13.5. Mimi ningekuwa yeye ningeng'ang'ania vilevile.

Chagua siku ya joto, saa nane mchana hivi, uzunguke na kipimajoto cha kufunga kwenye bomba. Pima bomba la kurudi la kila mashine ya hewa katika sehemu mbili: pale linapotoka kwenye koili, na pale linapoungana na bomba kuu baada ya vali. Ikiwa kwenye koili unasoma 14 na baada ya vali unasoma 12, mwizi ni vali ya njia tatu. Vali ya namna hiyo, koili ikishiba, huyamwaga maji ya nyuzi 7 moja kwa moja kwenye bomba la kurudi bila kufanya kazi yoyote, na yakichanganyika na yale yaliyofanya kazi yanayashusha yote. Dawa yake ni vali za njia mbili na pampu inayopunguza mwendo vali zinapofunga. Lakini ukikuta koili yenyewe inatoa 12 huku vali iko wazi kabisa, angalia kwanza chujio za hewa na mikanda ya feni, kwa sababu hewa ikiwa kidogo koili haina cha kupoza. Hivyo vikiwa safi na bado ni 12, koili ina safu chache za mirija na itabidi ibadilishwe. Hiyo ndiyo gharama kubwa, na ni heri uijue sasa kuliko baada ya kusaini.

Nitaendelea nikichukulia kwamba mtafika 15.

Ukubwa wa pleti unapatikana kwa kugawanya joto kwa jibu la kuzidisha vitu viwili: uwezo wa kupitisha joto, ambao huandikwa U, na ule wastani wa pengo.

```
A = Q / (U x LMTD)
```

U inategemea mwendo wa maji, ukali wa mikunjo ya pleti na unene wa chuma. Namba ya mwisho hutoka kwa mtengenezaji, lakini huwezi kumkagua mtu kwa namba zake mwenyewe, kwa hiyo lazima uwe na yako. Kwa maji safi pande zote, pleti za chuma cha pua za nusu milimita na pengo dogo namna hii, mimi huanza na wati 4,000 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja. Wati 900,000 gawanya kwa 4,000, gawanya tena kwa 1.5. Jibu ni mita za mraba 150.

Sasa cheza na ile 15 uone jinsi hesabu hii ilivyo na hasira. Upande wa mtandao ubaki 5.5 na 13.5, maji ya kwenda wodini yabaki 7. Hospitali ikirudisha 16, pengo la juu linakuwa 2.5, LMTD inapanda hadi 1.96 na unahitaji mita 115 tu. Ikirudisha 14, pengo la juu linabaki nusu nyuzi, LMTD inaanguka hadi 0.91, na unahitaji mita 247. Nyuzi moja juu imekuokolea mita 35 za chuma, nyuzi moja chini imekuongezea karibu mia. Na ukikaribia 13.5 pleti hazina mwisho, ndipo Excel inapolia. Ndiyo maana nimekuweka kwenye mabomba ya kurudi kwanza: vali za njia tatu mnazoacha huko juu wodini, mtazilipia chini kwenye chumba cha mitambo kwa bei ya pleti.

Turudi kwa muuzaji. Pleti 92, lakini ya kwanza na ya mwisho hazipitishi joto kwa sababu zina maji upande mmoja tu. Zinazofanya kazi ni 90, yaani mita 90. Zidisha 90 kwa 4,000, kisha uligawanye lile joto la wati 900,000 kwa jibu hilo: LMTD aliyotumia ni 2.5. Ataipataje 2.5 na mtandao uko palepale 5.5 na 13.5? Njia iliyo wazi ni kuchukua hospitali 8 na 16. Iangalie karatasi yake, mstari wa maji yanayotoka upande wa moto, na nitashangaa usipoikuta 8 hapo. Hakudanganya. Amekupa mashine halali kwa kazi rahisi kuliko yako, na pengine hakuna aliyemwambia hii ni hospitali, alijua ni jengo tu.

Nyuzi moja, 7 au 8, kwa ofisi si kitu. Kwa thieta ni kitu kikubwa, na hapo Kisumu zaidi, kwa hewa hiyo nzito ya ziwa. Koili ya thieta ina kazi mbili: kupoza hewa na kuikamua maji. Chukua thieta inayotakiwa kukaa nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 50. Hewa ya namna hiyo huanza kutoa umande kwenye nyuzi 9.3. Kwa hiyo hewa inayotoka kwenye koili lazima ishuke hadi hapo, na kwa kweli chini kidogo, kwa sababu watu walio ndani wanaongeza unyevu kwa pumzi na jasho. Ukiipa koili maji ya nyuzi 7 ina nyuzi 2.3 za kufanyia kazi. Ukiipa ya nyuzi 8 imebaki na 1.3, karibu nusu. Daktari hatakuambia LMTD imekosewa. Atakuambia sakafu inateleza na kuta zina ukungu, na utaanza kutafuta bomba linalovuja ambalo halipo.

Na usifikiri kwamba mashine hiyo itakupa 7 ukiilazimisha. Maji yakirudi 15 kwa mtiririko uleule wa lita 26.9 kila upande, mita hizo 90 zitakutolea maji ya nyuzi 7.8 hivi, na joto litakalopita ni kama kilowati 814. Zile 86 zilizopotea utazitafuta siku ya joto kali.

Sasa utataka kumwambia, basi ongeza pleti. Hapa ndipo watu wengi wanapotegwa, kwa hiyo nikae kidogo. Tuseme una mashine sahihi ya mita 150 na kwa hofu ya uchafu unaamua kuongeza pleti kwa robo nzima. Maji ni yaleyale, ila sasa yamegawanywa kwenye vichochoro vingi zaidi, kila kichochoro kinapata asilimia 80 ya alichokuwa nacho. Maji yakienda polepole hayajichanganyi vizuri, na U inashuka kutoka 4,000 hadi karibu 3,500. Umeongeza chuma asilimia 25, uwezo wa mashine umeongezeka asilimia 9 tu. Isitoshe, yale maji ya mwendo wa kobe hayana nguvu ya kuusugua ukuta wa pleti, kwa hiyo utando unashika haraka. Umenunua kinga ya uchafu na kinga yenyewe imeleta uchafu. Nyongeza ya asilimia 10 inatosha kwa maji yaliyotiwa dawa na kuchujwa, na pesa iliyobaki iende kwenye chujio nzuri mbele ya kila mlango wa kuingilia. Wala usimruhusu mtu akuletee vile viwango vya utando vilivyoandikwa kwa ajili ya mashine za mirija. Humu vitazaa pleti nyingi kupita kiasi.

Kinachofanya mashine ifike pengo la 1.5 ni umbo la pleti. Kila upande maji yako yanabadilika nyuzi 8 kwa pengo la 1.5, yaani zaidi ya mara tano. Kazi ya namna hiyo inahitaji pleti ndefu, karibu kimo cha mtu, na zenye mikunjo mikali inayoyavurugavuruga maji njia nzima. Bei yake ni msukumo wa pampu, kwa hiyo mwambie muuzaji mapema kikomo chako. Mkataba wa jirani lazima unao wake, na kwa upande wa hospitali mimi ningeanza na kilopaskali 80. Ukibana sana hapo atakuletea pleti pana zenye mikunjo laini, na utarudi ulikotoka.

Kwa hospitali nisingenunua mashine moja hata ikiwa sahihi. Gasketi zinachakaa, pleti zinafunguliwa kusafishwa, na siku hiyo thieta haiwezi kuambiwa isubiri. Jumlisha mizigo isiyokubali kuzimwa: thieta, wagonjwa mahututi, maabara, chumba cha mashine za picha. Tuseme kwenu inafika kilowati 400. Nunua mashine mbili, kila moja ya asilimia 60, yaani kilowati 540. Gawanya 540,000 kwa 4,000 na kwa 1.5 na unapata mita 90 kila moja.

Ndiyo, 90. Zile pleti 92 za muuzaji zimerudi, ila sasa ni mara mbili. Fremu yake huenda ikafaa kama ilivyo, usimfukuze. Mwambie abadilishe karatasi: kilowati 540, mtandao 5.5 na 13.5, hospitali 15 na 7, lita 16.1 kwa sekunde kila upande, na achague pleti yenye mikunjo ya kazi hiyo. Akirudi na pleti 85 au 105 usigombane naye, U yangu ni ya kukagulia tu. Akirudi na 60 muulize tena hiyo 7 imeenda wapi.

Mtu fulani hapo mjini atakuambia pia upunguze uwezo kwa sababu Kisumu iko mita 1,100 na kitu juu ya bahari. Mwinuko huo unaipunguzia hewa uzito kwa zaidi ya asilimia 10, na feni na koili zako lazima zihesabiwe hivyo. Maji yaliyo ndani ya pleti hayajui mwinuko.

Sasa siku ya majaribio. Makubaliano ni pengo la 1.5, na kila mtu atatembea na kipimajoto chake. Kipimajoto kinachokosea kwa 0.3 kimekosea sehemu moja ya tano ya pengo zima, na hapo mnaweza kubishana hadi Jumapili. Kabla hamjafunga vihisi vyote vinne, vitumbukizeni pamoja kwenye ndoo ya barafu iliyopondwa iliyochanganywa na maji, mkoroge, msubiri dakika kumi. Vyote vinapaswa kusoma sifuri, na muhimu zaidi, vyote visome sawa. Kisichokubaliana na wenzake kirudi dukani.

Jambo la pili: mtafanya majaribio mapema, wodi nusu ziko tupu, mzigo ni nusu. Muuzaji ataonyesha pengo la 1.5 na kuomba saini. Usiweke. Mtiririko ukipungua nusu pande zote mbili, U inashuka, lakini si kwa nusu. Inashuka hadi karibu 2,600. Uso wa pleti uko uleule na kazi ni nusu, kwa hiyo mashine iliyo safi na sahihi inapaswa kuonyesha pengo dogo zaidi, kama 1.2. Ukisoma 1.5 kwenye nusu mzigo, siku ya mzigo kamili itapita 1.5, na mashine yenu imeanza maisha ikiwa ndogo au ikiwa imeziba. Andika pengo la siku ya kwanza pamoja na mtiririko wake kwenye ubao ukutani. Miaka miwili baadaye namba hiyo ndiyo itakayokuambia lini ufungue pleti, kuliko kalenda yoyote.

Nina kisa kimoja cha kuongeza, kwa sababu kosa lake halionekani kwenye Excel wala kwenye karatasi ya muuzaji. Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye kiwanda kimoja cha maziwa upande wa Nakuru, jina lake liache. Tulifunga mashine ya pleti ya kupoza maji: yanaingia 16, upande wa pili maji ya baridi yanaingia 4, mitiririko sawa, na tulitarajia 6. Yakatoka 10. Tukaongeza mwendo wa pampu zote mbili, yakatoka 10. Tukaifungua usiku, tukaosha pleti moja moja tukitafuta uchafu ambao hatukuuona, tukaikaza tena hadi kipimo cha kiwandani, asubuhi 10. Mimi nilikuwa tayari naandika barua ya kulalamikia idadi ya pleti.

Kulikuwa na fundi wa bomba, mzee, ambaye hakuwa na kipimajoto. Alikuja akaweka kiganja kwenye bomba mbili za juu, kimoja kila moja, akakunja uso. Akashuka akaweka kwenye mbili za chini. Akasema, "Hizi zote zinaingilia juu." Bomba za juu moja ilikuwa ya uvuguvugu na nyingine ya barafu. Za chini zilikuwa sawasawa kabisa, huwezi kuzitofautisha. Maji hayakuwa yakipishana, yalikuwa yakifuatana njia moja. Yakifuatana hivyo kwa mitiririko sawa, yanachoweza kufanya ni kukutana katikati, na katikati ya 16 na 4 ni 10. Pleti elfu moja zingetoa 10. Tulibadilisha bomba mbili siku hiyo hiyo, na jioni tukasoma 6.

Kwako katikati ya 15 na 5.5 ni 10.25. Maji ya kwenda wodini yakigoma kwenye 10 na kitu hata ukiongeza pampu, usifungue pleti. Na kabla fundi wa kuvika mabomba hajaanza kufunga sponji juu ya kila kitu, shuka chumbani ukaweke viganja: mbili za juu ziwe vuguvugu karibu sawa, mbili za chini ziwe baridi karibu sawa, na jasho la hewa ya Kisumu litiririke zaidi kwenye zile za chini.